Viti 7 havijarudi, mteja anasema hana deni: dhamana ya viti na maturubai mnaipangaje?

KijanaMikindani

Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara, upande wa Mikindani. Tangu Juni nakodisha viti vya plastiki na maturubai mawili, na nimefika mahali nahitaji ushauri wa waliotangulia.

Jumamosi iliyopita nilipeleka viti 150 na maturubai yote mawili kwenye harusi, Chikongola. Tulikubaliana kiti sh. 400, hiyo ni 60,000, na turubai 40,000 kila moja, hiyo 80,000. Jumla 140,000. Wiki moja kabla alinipa 50,000 nimshikie tarehe, na siku ya kushusha mzigo akamalizia 90,000. Kichwani mwangu ile 50,000 ndiyo ilikuwa kinga yangu kikiharibika kitu. Sikumwambia hivyo, wala sikuandika popote.

Jumapili nilifika kuchukua saa mbili usiku. Umeme ulikuwa umekatika, tukapakia kwa tochi ya simu. Asubuhi nahesabu nyumbani napata viti 143, na vitano kati ya hivyo si vyangu. Ni vya zamani, vimepauka, kimoja mguu wake umefungwa waya. Nikampigia mteja. Akaniambia kwa upole kabisa: "Mdogo wangu, nimekulipa 140,000 yako yote, umepakia mwenyewe na vijana wako, umeondoka hukusema neno. Sasa unanidai nini?"

Kirikuu ilikula 30,000 kwa safari zote, vijana wawili 20,000. Ilinibaki 90,000. Viti 7 kwa 15,000 ni 105,000. Kwa hiyo nimefanya kazi siku mbili nikapata hasara ya 15,000, na vile vitano vibovu sijavihesabu.

Nimeamua kuanzia sasa nichukue dhamana ya nusu ya thamani ya mali. Viti 150 ni 2,250,000, maturubai mawili niliyanunua 900,000 kila moja, jumla 4,050,000, nusu yake ni milioni mbili na kidogo. Jana nilimtajia mteja wa Ligula, akasema atanipigia. Hajapiga. Ninyi mnafanyaje?

SautiYaKusini

Mkuu pole. Hilo lisikuumize kichwa. Chukua asilimia 30 ya bei ya kukodisha iwe dhamana, na kitambulisho chake cha NIDA ukae nacho mpaka mali irudi. Mimi nimefanya hivyo miaka miwili hapa Mtwara mjini, mtu akikumbuka kitambulisho chake kiko kwako anahesabu viti mwenyewe.

MgeniWaMji

Samahani naingilia. Hii biashara mtaji wake ni kiasi gani kuanza? Na mnaagiza viti Dar au vipo hapahapa?

MamaVigingi

KijanaMikindani, pole sana mwanangu. Niko Masasi, kazi hii naifanya mwaka wa kumi na nne sasa, nilianza na viti 40. MgeniWaMji, swali lako fungulia uzi wake nitakuja kukujibu, hapa tumalize la kijana kwanza.

Kijana, wewe huna tatizo la dhamana ndogo. Wewe hukuwa na dhamana kabisa. Ile 50,000 ilikuwa kishika nafasi, na kishika nafasi ni sehemu ya bei. Alipomalizia 90,000 akawa amelipa 140,000 mliyokubaliana, hamdaiani. Mteja wako yuko sahihi hapo, usimkasirikie. Hela hizi ni mbili na zina majina mawili. Kishika nafasi kinakulinda asije akaahirisha Ijumaa usiku wakati umeshawakatalia wengine. Dhamana inarudi kwa mwenyewe mali ikirudi nzima. Ukizichanganya, siku ya siku kila mtu atazisoma anavyotaka.

Sasa kiasi. Nusu ya thamani ya mali hakuna atakayekupa hapa kusini, na hata akikupa utalala na milioni mbili za watu chini ya godoro, hiyo nayo ni hatari nyingine. Dhamana haikusudiwi kulipa mali yote ikiibiwa. Inalipa vile vitu vidogo vinavyopotea kila siku: viti viwili vimepasuka, kigingi kimebaki ardhini, kamba imekatwa kufungia mbuzi. Kwa hiyo swali si mali yako ina thamani gani. Swali ni kazi ya kawaida ikienda vibaya, unapoteza nini. Una daftari? Umefanya kazi ngapi tangu Juni, na kila moja ulipoteza nini?

KijanaMikindani

Shikamoo mama. Daftari ninalo ila nilikuwa naandika mapato tu. Nimekaa na vijana wangu tukakumbushana. Kazi 12 pamoja na hii. Kazi 7 kila kitu kilirudi. Kazi 4 nilipoteza kiti kimoja, viwili, kimoja, vitatu. Na hii ya viti 7. Turubai lilitobolewa na cheche za jiko mara moja, kushona nililipa 15,000.

MamaVigingi

Marahaba. Hapo umeshajijibu nusu. Kazi yako mbaya ya kawaida ni viti vitatu, 45,000, na siku nyingine tundu la turubai 15,000. Jumla 60,000. Hiyo ndiyo dhamana ya mzigo wa viti 150 na maturubai mawili. Mtu mwenye harusi anaweza kuitoa, na ni kubwa kiasi kwamba Jumapili ataisimamia irudi. Mzigo wa viti 50 bila turubai chukua 20,000. Baada ya kazi 20 angalia daftari tena, huenda ukapunguza.

Hiyo ya viti 7 usiitumie kupangia dhamana, maana haikutokana na udogo wa dhamana. Ilitokana na kuhesabu usiku. Hata ungekuwa na laki mbili mkononi, ungepakia gizani, ungeondoka, na ungeanza kubishana kwa simu Jumatatu. Ungekuwa na hela yake na yeye ana hasira yake.

SautiYaKusini, asilimia ya bei ni rahisi kukumbuka lakini inakudanganya. Mtu akichukua viti 150 kwa harusi ya siku moja bei ni 60,000, asilimia 30 ni 18,000, hapo huna hata viti viwili. Mwingine akichukua hivyohivyo siku tatu kwa 150,000, dhamana inapanda kuwa 45,000. Viti ni vilevile na watoto wa kuvikalia watatu watatu ni walewale. Na kitambulisho cha mtu usikae nacho. Akihitaji kwenda hospitali au benki Jumamosi utakuwa umemkwamisha. Piga picha, andika namba, mrudishie palepale.

SautiYaKusini

Nakubali kwa asilimia, sikuwahi kuipiga hesabu hivyo. Kwa kitambulisho bado naona kinasaidia, lakini ni kweli kuna mama mmoja alinifuata saa kumi alfajiri akikitaka.

BintiNachingwea

Mimi naongea kama mteja, maana hamjawahi kutusikiliza. Mwaka jana tulikodi turubai kwa arobaini ya babu. Dhamana tulitoa 80,000. Mvua ilinyesha usiku, asubuhi wenye turubai hawakuja, simu hawapokei, likakaa limelowa. Kaka zangu wakalikunja wakaliweka barazani lisiibiwe. Wakaja siku ya tatu. Kulifungua lina madoa meusi ya ukungu na linanuka, wakasema dhamana hairudi. Hata leo sijui kosa letu lilikuwa lipi. Huko kuchelewa ni kwetu?

MamaVigingi

Binti yangu, pole. Turubai likikunjwa bichi kwenye joto letu hili, siku mbili tatu ukungu unaingia kwenye mishono na hautoki kwa sabuni. Kila mwenye maturubai anajua. Kwa hiyo kulikunja ni kazi ya mwenye mali, na kama hakuja asubuhi aliyoahidi, ukungu ni wake. Kwenye karatasi yangu nimeandika hivyo: mteja asifungue wala kukunja turubai, nitakuja mimi kabla ya saa nne asubuhi, mvua au jua. Nikichelewa, chochote cha unyevu ni juu yangu. Ulistahili 80,000 yako.

Wenzangu wa kazi, jifunzeni kulikagua turubai. Usiliangalie likiwa chini. Kabla hujalishusha, ingia chini yake, tazama juu kuelekea jua. Tundu la cheche hata kama ni dogo kama punje ya mtama litakuangalia lenyewe, jeupe. Mwite mteja aingie naye, alione. Likishakunjwa ni neno lako na neno lake. Na kabla hujalikabidhi fanya vilevile, matundu ya zamani uyaandike, usije ukamtoza mtu kosa la harusi iliyopita.

MzeeWaShangani

Na upepo je? Mimi niko pwani hapa Shangani. Agosti iliyopita kusi ilivuma mchana kweupe ikang'oa turubai la jirani yangu, nguzo mbili zikapinda. Mwenye turubai akakata dhamana yote. Jirani akalipa akanyamaza kwa sababu ya wageni. Nilisikitika sana, kwa sababu vigingi vyenyewe vilipigwa kwenye mchanga mtupu, kwa mkono unavitoa.

MwalimuMstaafu

Mzee wangu, hapo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iko upande wa jirani yako. Anayepewa mali ya mtu aitumie anatakiwa aitunze kama mtu mwenye busara anavyotunza mali yake. Akifanya hivyo na mali ikaharibika kwa jambo lisilotokana na uzembe wake, hawajibiki, isipokuwa kama walikubaliana vingine. Turubai hakulisimamisha yeye, vigingi hakuvipiga yeye.

Sheria hiyohiyo inasema mkiandika kiasi cha kulipa kwa kuvunja makubaliano, mahakama itampa aliyeumia fidia inayostahili, isiyozidi kiasi mlichoandika. Maana yake, ukiandika "kiti kimoja kikipotea, dhamana yote imekwenda", Mahakama ya Mwanzo haitalazimika kukupa yote. Andikeni bei ya kila kitu, na mkate kwa idadi.

MamaVigingi

Asante mwalimu. Kwa mchanga wa pwani kigingi peke yake ni bure. Sisi tunajaza mchanga kwenye viroba, tunafunga kila nguzo kiroba kizito chini na kamba inashuka mpaka kwenye kiroba kingine. Mwenye turubai akija Shangani na vigingi tu, msimamishe kabla hajafungua.

Bei kwa kila kitu, mimi naandika hivi: kiti kipya 15,000, kiti chenye zaidi ya miaka miwili 8,000, kigingi 3,000, kamba 2,000, tundu la turubai kwa fundi 10,000 mpaka 15,000 na risiti ya fundi namwonyesha.

SautiYaKusini

Mama hapo kwenye 8,000 sikubaliani. Dukani hakuna kiti cha miaka miwili. Kikipotea naenda kununua kipya kwa 15,000. Nani ananilipia hiyo 7,000?

MwalimuMstaafu

Kijana, kiti hicho kimeshakurudishia bei yake mara nyingi. Mteja akilipa kipya, anakununulia miaka miwili ambayo umekwisha kuitumia.

SautiYaKusini

Mwalimu nakuheshimu, lakini kiti kizuri cha miaka miwili kingenifanyia kazi miaka mingine miwili. Mimi nitaendelea kuandika 15,000 na mteja anasaini akijua.

MamaVigingi

Kila mtu ana jicho lake hapo, muhimu mteja aione kabla mzigo haujashuka. Ila SautiYaKusini, viti vyeupe vikianikwa juani mwaka mzima plastiki inakauka. Pitisha kiganja nyuma ya egemeo, ukiona unga mweupe kama chaki mkononi, kiti hicho kitavunjika kwa mtu mnene akiegemea, na kitavunjikia pale mguu wa nyuma unapokutana na kalio. Kiti cha namna hiyo usimtoze mtu. Kiondoe kwenye mzigo kabisa, kitamuumiza mgeni.

FundiSpikaLindi

Nimesoma uzi wote, mmeongea viti na maturubai, mimi nakodisha muziki hapa Lindi mjini. Kwetu hesabu ya mama inabadilika kidogo. Kiti kikivunjika unakiona. Spika inaungua ikiwa imesimama vilevile, kwa nje haina hata mkwaruzo.

Mimi sitoi muziki bila fundi wangu kwenda nao, iwe dhamana yoyote. Kinachounguza spika zetu si wizi, ni dijei wa familia anayesukuma mikisa mpaka taa nyekundu haizimi. Sauti inaanza kukwaruza, yeye anadhani haitoshi, anaongeza. Koili ndani ya spika inapata joto mpaka gundi inayeyuka. Cha pili ni jenereta ndogo. Amplifaya inavuta, friji ya soda inawaka, taa zinapwaya, umeme unashuka na kupanda, na amplifaya inakwenda nao. Kwa hiyo stabilaiza yangu inakaa kati, na jenereta ya mteja naiangalia kabla sijachomeka kitu.

Mzigo ukirudi, au kabla haujaondoka pale ukumbini, nafanya mambo mawili mbele ya mteja. Naweka vidole vitano kuzunguka katikati ya spika, nasukuma ndani taratibu, sawasawa. Ikienda na kurudi kimya, nzima. Ukisikia mkwaruzo kama mchanga, koili imevimba au imehama. Kisha mita: spika ya omu 8 inasoma kama 6 hivi, chini au juu kidogo ya hapo. Mita isiposoma kitu, waya umekatika ndani, imeungua. Na ile ya kuungua ina harufu yake, ukiinusa mara moja hutaisahau.

Dhamana yangu ni bei ya kubadilisha koili ya spika moja ya inchi 15. Kwa fundi ninayemtumia ni 60,000. Kwa kuwa fundi wangu yupo pale, nimeikata mara mbili tu, zote mtu wa harusi alimwondoa fundi kwenye mashine kwa nguvu.

MtotoWaTandahimba

Na huku kijijini mnasemaje? Unyago wa Desemba watu wanaandaa tangu Oktoba, lakini hela ya korosho inategemea mnada na AMCOS inalipa lini. Mtu ana tani yake ghalani, ana stakabadhi mkononi, mfukoni hana elfu kumi. Ukimwambia dhamana 60,000 taslimu unamfungia mlango mtu mwenye mali kukuzidi. Mimi nimewahi kupokea baiskeli. Ilipigwa mvua nyumbani kwangu tukagombana.

MamaVigingi

Usipokee mali ya mtu, mwanangu, unakuwa na wewe umekodishiwa. Na stakabadhi ya korosho usiiguse. Kwa mtu kama huyo mimi nachukua mdhamini badala ya fedha. Awe mtu wa kijiji hichohicho mwenye mji wake, aje asaini kwamba visiporudi atalipa yeye kwa bei iliyoandikwa, na mwenyekiti wa kijiji ashuhudie. Na bei ya kukodi lazima itoke mbele walau ile ya usafiri, maana kutoka mjini kwenda vijiji vya Tandahimba gari ndilo linalokula. Mara mbili nimedai wadhamini. Mmoja alilipa siku hiyohiyo. Mwingine alilipa Februari.

Mdhamini huyo ndiye anayekulinda pia na lile kubwa, mzigo wote kutoweka. Dhamana ya 60,000 haiwezi. Mteja nisiyemjua, hata akiwa na fedha taslimu, nataka mtu wa mtaa wake anayemjua, na kwenye mzigo mkubwa kijana wangu analala palepale.

MzeeWaShangani

Kwenye misiba je, mama? Mtu amefiwa unamwambia dhamana?

MamaVigingi

Mimi sichukui, mzee. Msiba nachukua nusu ya bei na dhamana hakuna. Ila siongei na mfiwa. Namtafuta anayesimamia shughuli, mara nyingi shemeji au jirani, nahesabu naye, anasaini yeye. Arobaini ni jambo la kupangwa, hiyo nachukua kama kawaida.

SautiYaKusini

Mimi kwenye misiba ndiko ninakopoteza zaidi kuliko harusi. Siku tatu, watu wanaingia na kutoka, viti vinaazimwa nyumba ya tatu kulaza wageni. Mwaka huu nimepoteza viti 11 kwenye misiba mitatu. Naumia kusema lakini naanza kufikiria 20,000 hata msibani.

FundiSpikaLindi

Ukifanya hivyo mtaa utakukumbuka. Mimi nisingethubutu.

SautiYaKusini

Najua. Ndiyo maana bado nafikiria.

MamaVigingi

KijanaMikindani, kuhusu vile vitano vya kubadilishwa. Viti vyako vina alama?

KijanaMikindani

Niliandika kwa maka pen nyuma ya egemeo, imefutika.

MamaVigingi

Ndiyo sababu. Harusini na msibani viti vya watu wawili watatu vinachanganyika, na kila anayewahi kuchukua anachagua vizuri. Tumia rangi ya mafuta chini ya kalio, si nyuma, herufi zako na namba. Mimi naongeza alama ya chuma cha moto sehemu nene chini ya kalio, kidogo tu, kamwe si mguuni maana utaudhoofisha. Na unapohesabu, panga kumi kumi, kila kiti kigeuzwe chini juu alama ionekane, mteja akiwa amesimama hapo. Viti 150 ni mafungu 15, dakika ishirini. Nenda saa kumi na mbili asubuhi, kabla mwenye viti mwingine hajafika.

Na dhamana yenyewe iweke kwenye bahasha yenye jina lake, isichanganyike na hela ya mafuta. Ukishaitumia, Jumapili utaanza kutafuta kosa kwenye kiti ili usirudishe. Kama ametuma kwa simu, mkubaliane mapema makato ya kurudisha ni ya nani. Mimi nayabeba mimi.

KijanaMikindani

Nimerudi kutoa mrejesho, samahani nimekaa wiki tatu.

Kwanza niliwatembelea majirani wa ile harusi kwa heshima, nikiwa na vile viti vitano vibovu mkononi. Nyumba ya tatu walikuwa na viti vyangu vitatu, walivichukua usiku ule wageni wakalale uani, wakasahau. Wenye vile vibovu nao niliwapata, ni mkodishaji wa Magomeni, alikuwa na vyangu vinne na amevirudisha bila ugomvi. Cha tano anasema hajui. Kwa hiyo kati ya 12 nimepata 7.

Nimepiga rangi na chuma cha moto viti vyote. Jumamosi hii nimepeleka mzigo uleule, viti 150 na maturubai mawili, kwenye unyago hapahapa Mikindani. Kishika nafasi 50,000 na dhamana 60,000, mistari miwili kwenye karatasi moja, bei ya kila kitu chini yake. Mama mwenye shughuli aliuliza mara mbili kama 60,000 inarudi kweli. Nikamwonyesha bahasha, nikaandika jina lake mbele yake.

Jana saa kumi na mbili asubuhi tulihesabu pamoja. Kufika fungu la kumi na moja yeye ndiye aliyegeuza kiti akasema hiki si chako, akamtuma mtoto wake nyumba ya jirani, akarudi na cha kwangu. Mwisho tukakuta 150 ila kimoja kimepasuka mguu wa nyuma, palepale ulipopasema. Nilipitisha kiganja kwenye egemeo, hakina unga, kwa hiyo ni cha kulipwa. Ni cha mwaka huu, 15,000. Tukaingia wote chini ya turubai kuangalia jua, hakuna tundu jipya. Nikampa 45,000 yake hapohapo, akahesabu.

Sasa nina swali. Dada yake alikuwa amesimama pale, akasema kile kiti alikikalia mjomba wao mmoja mzito sana na kilikuwa kizima, kwa hiyo kimevunjika kwa matumizi ya kawaida, si kwa uzembe. Mama mwenyewe alikubali kukatwa, lakini nimelala nikiliwaza. Ningemtoza?

MwalimuMstaafu

Kiti kimetengenezwa kikaliwe. Ningemrudishia walau nusu.

SautiYaKusini

Amesaini, amekubali, amelipwa iliyobaki. Usirudi nyuma, kesho kila mteja atakuwa na mjomba.

MamaVigingi

Hiki kiti bado unacho? Kigeuze, uangalie pale kilipopasukia. Ufa ukiwa mweupe na safi wote, umevunjika siku hiyo. Ukiwa na sehemu nyeusi yenye vumbi ndani, ulianza zamani, na mama wa watu mrudishie 15,000 yake leo.

KijanaMikindani

Nimekiangalia sasa hivi kwenye mwanga. Nusu ya ufa ina vumbi. Naenda kwake.